Fomu Kumi na Mbili

Nilirudi darasani nikiwa na miaka thelathini na minane. Kabla ya hapo nilikuwa nesi Kibaha kwa miaka kumi na mitatu, na kwa muda wote huo nilikuwa nikipokea wanawake waliochelewa. Wanakuja wakiwa wamekonda, wamevaa khanga mbili au tatu kuzuia harufu, na binti au dada amewashika mkono. Ukiwauliza imeanza lini, wanataja mwaka juzi. Saratani ya mlango wa kizazi ikigundulika mapema inatibika. Nimeisema sentensi hiyo mara nyingi mno mbele ya watu ambao hawakugunduliwa mapema.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alifia Marui, nyumbani kwa mdogo wake, mama yangu mdogo, ambaye ndiye aliyemuuguza. Mimi nilikuwa chuo cha uuguzi wakati ule, nikija Ijumaa na kuondoka Jumapili. Kumgeuza, kumfulia na kumlisha uji kwa kijiko, yote yalikuwa ya mama mdogo. Amenizidi miaka kumi na mmoja tu. Alininyoa nywele nikiwa mtoto, na alinivisha siku ya harusi yangu.

Kwa hiyo nilipotakiwa kuchagua mada ya utafiti wa shahada ya uzamili sikufikiri mara mbili. Tulikuwa tumeandaa mazungumzo ya saa moja kwa wanawake wa vijijini: ugonjwa unaanzaje, kipimo kinafanywaje, siki inapakwa wapi ili doa la ugonjwa ligeuke jeupe, na daktari anaangalia nini. Nilitaka kujua kama mazungumzo yale yanabadilisha chochote. Mwanamke anaulizwa swali moja kabla: je, ukiambiwa leo uende kupimwa, utakubali? Ndiyo au hapana. Kisha anasikiliza mazungumzo. Wiki mbili baadaye tunamuuliza mwanamke yuleyule swali lilelile. Kila mwanamke ana namba yake, na fomu zake mbili zinabanwa pamoja kwa pini.

Mwalimu wangu wa takwimu alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama minane. Aliniamkia shikamoo kila asubuhi, na mimi nikiitika marahaba, kisha tukikaa mezani anageuka kuwa mkubwa na mimi mtoto.

"Utauliza wanawake wangapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Mia na ishirini."

"Kwa nini mia na ishirini?"

Nilimwonyesha hesabu. Nilikuwa nimechukua kanuni kwenye kitabu na kuijaza. Aliisoma taratibu, kidole chake kikasimama kwenye mstari mmoja.

"Hapa umeandika robo ya wanawake watabadili jibu. Hii robo umeitoa wapi, dada?"

Nilimjibu kwamba ni uzoefu wangu wa kazi. Kusema kweli niliitoa kichwani. Nilijua kwamba nikiandika namba ndogo zaidi, idadi ya wanawake wa kuwauliza itapanda, nami nilikuwa na likizo ya mwezi mmoja tu. Aliniangalia kidogo, kisha akasema, "Hii ndiyo namba itakayokubeba au itakayokuangusha. Ningependa ungeijaribu kwanza kwa watu wachache." Sikuijaribu. Nilimwambia muda hautoshi, na yeye alikuwa na wanafunzi wengine kumi na kitu, akasaini.

Tulikwenda Msimbu na Marui, wilaya ya Kisarawe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nazungumza na akinamama, haikufaa niulize maswali mwenyewe, maana wangenijibu kunifurahisha. Kazi ya kuuliza niliiacha kwa nesi mwenzangu, tuliyesoma naye, ambaye sasa yuko kwenye zahanati moja huko Kisarawe. Ni mwanamke mcheshi, mwepesi wa kuzoeana na watu. Aliketi nao mmoja mmoja uani, chini ya paa la makuti, akaandika. Mimi nilikuwa nakuja baadaye na picha zangu za ukutani na kifaa cha plastiki cha kuonyeshea, kile cha kufungulia njia ya uzazi ili mpimaji aone. Wanawake walikipokezana mkononi. Wengine walicheka, wengine walikirudisha upesi kama kitu cha moto.

Majina yalichaguliwa kwenye daftari la kaya, kwa kuruka idadi ileile ya majina kila mara. Jina la mama mdogo lilitokea. Ningeweza kuomba atolewe, na nadhani ilinipasa. Nilijiambia kwamba fomu ina namba tu, haina jina, na atakayemuuliza si mimi.

Kazi ilipokwisha nilirudi Kibaha na fomu zote kwenye mfuko wa salfeti. Nilijumlisha haraka. Kabla ya mazungumzo wanawake themanini na wanne walisema ndiyo. Baada ya mazungumzo, tisini. Mratibu wa afya ya uzazi wa wilaya alikuwa akisubiri, kwa sababu alitaka kuamua kama mazungumzo yapelekwe kata nyingine. Nilimpigia simu siku ileile.

"Wameongezeka sita," nilimwambia.

"Sita kati ya mia na ishirini! Si haba. Niletee ripoti, nipate cha kushika mkononi."

Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa na furaha yangu. Hakuonekana kuvutwa na tisini wala themanini na nne. Alisema, "Zimwage hapa," akasogeza vitabu vyake pembeni. Tulizipanga zile fomu mafungu manne. Fungu la kwanza, waliosema ndiyo mara zote mbili: themanini na mmoja. La pili, waliosema hapana mara zote mbili: ishirini na saba. La tatu, waliotoka kwenye hapana wakaja kwenye ndiyo: tisa. La nne lilikuwa jembamba sana, jozi tatu tu. Wale walisema ndiyo kabla, na baada ya kunisikiliza mimi saa nzima, wakasema hapana.

Mwalimu alichukua mafungu mawili makubwa, akayaweka sakafuni karibu na mguu wa kiti.

"Mbona unayatoa?" niliuliza.

"Kwa swali lako hawa hawasemi kitu. Mwanamke aliyesema ndiyo na ndiyo hajatuonyesha kama mazungumzo yanasukuma watu mbele au yanawarudisha nyuma. Wa hapana na hapana vilevile. Hata wangekuwa elfu, wasingekusaidia kutofautisha. Wanaosema ni waliobadili." Aliweka mkono juu ya mafungu mawili yaliyobaki mezani. "Hawa kumi na wawili. Utafiti wako una watu kumi na wawili, dada. Si mia na ishirini."

Mwezi mzima wa jua la Kisarawe, na watu kumi na wawili.

"Lakini tisa wamekuja upande wetu," nilisema. "Watatu tu ndio wamekwenda upande ule."

"Sawa. Sasa tuseme mazungumzo hayana nguvu yoyote. Watu hubadili jibu tu, leo hivi kesho vile. Hapo kila anayebadili ni kama sarafu uliyoirusha, anaweza kuangukia huku au huku sawasawa. Ukirusha sarafu mara kumi na mbili, kupata mgawanyo wa tisa kwa tatu, au ulioegemea zaidi ya hapo, upande wowote, kunatokea karibu mara moja katika kila mara saba." Aliniandikia hesabu yote kwenye karatasi ili niihakikishe mwenyewe. "Sisi tumekubaliana kabla ya kuanza kwamba tutaamini kikiwa kitu kinachotokea kibahati chini ya mara moja katika ishirini. Saba si ishirini."

"Kwa hiyo mazungumzo hayafanyi kazi."

"Sijasema hivyo. Nimesema huna watu wa kutosha kujua. Ulihitaji kama thelathini waliobadili. Ulidhani robo watabadili, na robo ya mia na ishirini ni thelathini, hesabu yako ilikuwa sahihi. Ila aliyebadili ni mmoja katika kumi. Ili upate thelathini kwa mwendo huo ungeuliza wanawake mia tatu."

Aliinama kuokota mafungu yaliyo sakafuni. Nilikumbuka swali lake la siku ya kwanza, na nadhani na yeye alilikumbuka, ila hakulisema.

Nesi mwenzangu alinipigia siku ya pili yake kuuliza mambo yamekwendaje. Nilimweleza. Akacheka.

"Sasa fomu zenyewe ni hizo tatu tu zinazokutesa? Mwenzangu, wale watatu nawakumbuka. Mmoja alikuwa na haraka ya kwenda msibani, nimemuuliza amesimama mlangoni. Mwingine sijui hata kama alinisikia vizuri. Mbili zirekebishe, maisha yaendelee."

"Nizirekebishe vipi?"

"Uandike ndiyo. Ni fomu mbili kati ya mia na ishirini. Nani atakosa usingizi?"

Nilimwambia aache mzaha. Lakini nilipokata simu nilichukua karatasi ya mwalimu na kufanya hesabu mwenyewe. Kama mmoja kati ya wale watatu angehesabiwa ndiyo na ndiyo, angeondoka mezani akaenda kwenye lile fungu kubwa, na wangebaki tisa kwa wawili. Mara moja katika kumi na tano. Bado. Kama wangeondoka wawili, wangebaki tisa kwa mmoja, na hiyo ni mara moja katika arobaini na sita. Hapo ripoti ingekaa sawa, mratibu angepata cha kushika mkononi, mazungumzo yangefika kata nyingine, na mimi ningehitimu na wenzangu. Fomu mbili. Ningeziondoa mbili kwenye lile fungu la themanini na mmoja, hesabu isingetikisika. Uzito wote wa kazi yangu ulikuwa umekaa kwenye karatasi chache ambazo zingetosha ndani ya bahasha moja.

Nilizisoma zile jozi tatu. Chini ya swali la pili kulikuwa na nafasi ndogo ya maelezo, ambayo kwa fomu nyingi ilikuwa tupu. Ya kwanza iliandikwa: mume amesema tusubiri. Ya pili: mpimaji ni mwanaume. Ya tatu: nilimuuguza dada yangu.

Umri miaka arobaini na tisa. Watoto wanne. Marui.

Niliifunika ile fomu kwa kiganja kana kwamba kuna mtu chumbani anayeweza kuisoma.

Jumamosi nilikwenda Marui. Sikuwa na ruhusa ya kwenda kumuuliza mshiriki juu ya jibu lake, na nilijua hivyo tangu napanda pikipiki. Nilijidanganya kwamba nakwenda kumsalimia tu. Nilimkuta anamenya mihogo nje ya jiko, miguu ameinyoosha juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hukusema unakuja? Ningekuwekea nazi."

Nilichukua kisu nikamenya naye. Tulizungumza habari za korosho, za mdogo wangu, za paa linalovuja upande wa chumba cha watoto. Hakuniuliza kilichonileta. Mwishowe nilishindwa.

"Mama, siku ile ya mazungumzo. Yalikuchukiza?"

Aliendelea kumenya. "Kwa nini yanichukize? Ulisema vizuri. Nilijivuna, kila mtu ananiambia huyo si mtoto wa marehemu dada yako?"

"Sasa mbona..." Sikumaliza. Alinyanyua macho, akanitazama, na nikaona ameelewa kwamba ninajua.

"Yule mwenzako alisema ni siri."

"Ni siri. Mimi ndiye niliyekosea."

Aliweka kisu chini. Mara ya kwanza, alisema, aliulizwa kama atakubali kupimwa, akasema ndiyo, kwa sababu ni kazi yangu na hakuwa anajua hata kipimo chenyewe kinafananaje. "Ukasimama pale ukaeleza. Unaanza na damu kidogo, ukasema. Unafuata na maji yenye harufu. Ukasema kiuno. Mwanangu, wewe ulikuwa unaeleza, mimi nilikuwa namwona dada. Kila ulilotaja nimeliosha kwa mikono hii. Nikaona, basi, wakinipima wakanikuta nacho, nani ataniuguza mimi? Afadhali nisijue."

"Lakini mama, ndiyo maana ya kupima. Kikikutwa mapema kinagandishwa kwa baridi kali siku hiyohiyo, unarudi nyumbani."

"Ulisema. Nilisikia. Mwanzo ulitaja ugonjwa robo tatu ya muda. Hiyo ya kurudi nyumbani ulikuja kuisema mwisho, watu wanatafuta ndara zao."

Ni kweli. Nilikuwa nimeyapanga mazungumzo yale kama ninavyoukumbuka ugonjwa, siyo kama mtu mzima wa afya anavyohitaji kuusikia.

Kisha akaniuliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Jibu langu limekuharibia?"

Ningeweza kusema hapana. Badala yake nilimweleza. Nilimweleza habari ya mafungu manne, na jinsi wanaobaki na jibu lao wanavyowekwa pembeni, na kwamba yeye ni mmoja kati ya kumi na wawili wanaohesabika. Alisikiliza akitikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo wanawake wote wale waliokubali hawana maana, mwenye maana ni mimi niliyekataa?"

"Kwa hesabu hii, ndiyo."

"Basi niandikie ndiyo." Aliokota muhogo mwingine. "Nisomeke ndiyo na ndiyo, niondoke hapo. Mimi si mama wa kukufelisha."

"Utakwenda kupimwa?"

"Hapana. Lakini we andika."

Nilirudi Kibaha na mihogo nusu kiroba na maneno yale. Jumapili mchana nilifungua kompyuta, nilikokuwa nimeingiza majibu ya fomu zote, nikaenda kwenye namba yake, nikafuta sifuri na kuandika moja. Sifuri ilikuwa hapana, moja ni ndiyo. Nilijiambia kwamba mwenyewe ameruhusu. Nilijiambia kwamba mtu ana haki ya kusahihisha jibu lake. Kompyuta ilinipa nilichokuwa nakijua: tisa kwa wawili, mara moja katika kumi na tano. Na kabla sijafikiri, mkono wangu ulikuwa umekwenda kwenye namba ya yule wa mpimaji mwanaume.

Huyu hakuwa ameniambia kitu. Sikuwa namjua sura. Kishale kilikuwa kinawaka na kuzimika pembeni ya sifuri yake, na ndipo nilipojua nimefika wapi. Wa kwanza nilimbadilisha kwa kisingizio cha mapenzi. Huyu wa pili sikuwa na kisingizio, nilimhitaji tu. Nilikuwa tayari kumnyang'anya mwanamke nisiyemjua jibu lake pekee alilolitoa kwa shida, eti ili nisaidie wanawake.

Nilirudisha sifuri ya mama mdogo. Niliihakikisha na fomu, mara mbili. Kisha nikakaa nikalia, si kwa sababu ya shahada.

Jumatatu nilimweleza mwalimu kila kitu. Kwamba nilikwenda kumwona mshiriki, kwamba ni ndugu yangu, kwamba nesi mwenzangu alinishauri nibadili, kwamba nilibadili na nikarudisha. Nilitegemea atanihurumia kwa kuwa nimekiri mwenyewe. Hakunihurumia. Alichezea kofia ya kalamu.

"Nitalazimika kuandika kwa kamati ya maadili," alisema. "Na fomu zote nitazipitia mimi na mtu mwingine, moja baada ya moja."

"Sawa."

"Na hutahitimu mwaka huu."

"Sawa," nilisema tena, ingawa haikuwa sawa.

Nilimuuliza kama ninaweza kurudi Kisarawe kuongeza wanawake mia na themanini juu ya wale, wafike mia tatu. Alikataa. Alisema mimi nimeshachungulia matokeo. Mtu anayechungulia kisha anaongeza watu mpaka apate anachokitaka, mwisho wake atakipata tu, hata kama hakipo. Hawa mia na ishirini wabaki kama jaribio la kwanza, lile alilotaka nilifanye tangu mwanzo. Wametufundisha kwamba mmoja katika kumi ndiye anayebadili. Sasa tupange upya kwa namba hiyo, tuanze na wanawake wengine, na tuandike kabla ya kuanza tutafanya nini.

Kumwambia mratibu wa wilaya ilikuwa vigumu kuliko yote. "Yaani uliniambia sita wameongezeka, sasa unaniambia hujui?" Nilimwambia sita wameongezeka kweli, ila sijui kama ni mazungumzo yaliyowaongeza. Alishusha pumzi kwenye simu. Kata zile nyingine hazikupata mazungumzo mwaka ule. Bado huwa najiuliza kuna mwanamke gani kule ambaye mwaka ule mmoja ulikuwa ndio mwaka wake wa mapema.

Mwaka uliofuata tulianza upya. Kamati ilinipa onyo la maandishi na msimamizi wa pili, na nesi mwenzangu hakuwa tena kwenye kazi hiyo. Alinilaumu kwa muda, akisema nilimtaja bila sababu, kwamba yeye alikuwa akitania. Labda. Tunasalimiana sasa, lakini hatupigiani simu.

Mazungumzo niliyapindua. Nilianza na mwanamke anayepimwa na kurudi nyumbani kupika chakula cha mchana, na ugonjwa nikauweka katikati, mfupi. Nilisema wazi kwamba anayetaka mpimaji mwanamke atampata, na tukahakikisha anampata. Tulipanga kuuliza wanawake mia tatu na thelathini, maana wengine huhama au husafiri kabla ya wiki mbili, katika vijiji vingine vya Kisarawe na vya upande wa Mlandizi. Tulifanikiwa kuwapata mara zote mbili mia tatu na sita. Kwenye daftari la kaya nilikagua majina kwanza, nisikutane na ndugu.

Siku ya kupanga mafungu mwalimu aliniacha niyapange mwenyewe. Waliobadili walikuwa thelathini na watano. Ishirini na sita walikuja kwenye ndiyo, tisa walikwenda kwenye hapana. Kwa sarafu kitu kama kile kingetokea chini ya mara moja katika mia. Mwalimu alinipa mkono. Niliupokea, na nilifurahi, sitasema uongo.

Ila macho yangu yalikuwa yanarudi sakafuni. Fungu la hapana na hapana lilikuwa refu kuliko la wote waliobadili, na pini zake zilikuwa zimeanza kushika kutu kwa unyevu wa masika. Nilimwambia mwalimu, wale nao wana mlango wa kizazi. Alisema anajua. Alisema hesabu ile imeulizwa swali moja tu, kama mazungumzo yanasogeza watu, na imelijibu. Swali la wale waliobaki pale walipokuwa ni lingine, na halijibiwi kwa kuwaacha sakafuni. Tuliyachukua yale mafungu mawili tukayafunga kwa kamba, na kwa miezi miwili baadaye nilikuwa nikisoma nafasi zao ndogo za maelezo, zile ambazo hazikuwa tupu. Nilihitimu. Mazungumzo yalipelekwa kata nyingine. Mratibu alinipongeza mbele ya watu.

Mama mdogo sikumuuliza tena. Alikuwa amenisamehe kabla hata sijaomba, na msamaha wa namna hiyo unachosha kuubeba. Nilikuwa nakwenda Marui kama zamani, tunamenya, tunazungumza habari za paa.

Siku moja, wakati wa vuli, alitokea kwenye kliniki yangu Kibaha bila kusema. Alikuwa na binti yake mkubwa, amefikisha thelathini, ana watoto wawili.

"Nimekuletea mwenzio," alisema. "Mpime."

Nilimpima mdogo wangu yule mimi mwenyewe, kwa kuwa ndivyo alivyotaka. Nilipaka siki, nikasubiri, nikaangalia kwa taa. Hakukuwa na doa. Nilimwambia, akashusha pumzi na kucheka, akaanza kuvaa.

Nilitoka nje. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi, mkoba ameukumbatia.

"Salama," nilimwambia.

"Alhamdulillahi."

Nilikaa pembeni yake. Chumba kilikuwa wazi, kitanda kimeshabadilishwa shuka, na zamu ilikuwa imebaki saa nzima. Alijua ninachotaka kuuliza. Alinishika mkono, kama anavyonishika tangu nikiwa mtoto.

"Mimi bado," alisema. "Usiniandike."

Binti yake alitoka, wakaaga. Niliwasindikiza hadi getini, kisha nikarudi ndani kujaza daftari la siku, mtu mmoja.